Namugongo mara mbili: kufundisha dhuluma za dini mbele ya darasa lenye watoto wa dini zote

Kila tarehe 3 Juni Uganda hufunga ofisi na shule ili kuwakumbuka Mashahidi wa Namugongo. Mtoto yeyote aliyesoma Kampala anaweza kukutajia hesabu yao: Wakatoliki 22, Waanglikana 23, jumla 45, waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya mwaka 1885 na 1887. Wengi watamtaja pia Charles Lwanga, na Kizito aliyekuwa na umri wa kama miaka 14. Lakini ukimuuliza mtoto huyohuyo ni akina nani waliochomwa moto Namugongo miaka kumi kabla ya hapo, mara nyingi atabaki ameduwaa. Waliochomwa walikuwa Waislamu, nao pia walikuwa vijana wa baraza la Kabaka.

Nadhani ugumu wote wa kufundisha habari hizi umejificha katika pengo hilo. Walimu wa shule za Nakasero, ambako mtoto wa waziri hukaa dawati moja na mtoto wa muuza matunda wa sokoni, hupendelea kuipita mada hii haraka kwa hofu ya kuwasha moto. Mimi naona wanachokiogopa sicho chenye hatari. Masimulizi ya mateso hayaligawi darasa kwa kuwa yametajwa. Yanaligawa pale yanapokatwa mahali ambapo kila upande unabaki na kipande kinachoonyesha watu wake wakiteswa, huku vipande vingine vikiachwa kwa wengine. Anayetaka kuyafundisha salama hana budi kuurefusha muda, aanze kabla ya 1885 na amalize baada ya 1892.

Tuanze basi na Mutesa wa Kwanza. Uislamu ulifika Buganda na wafanyabiashara kutoka pwani kama mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suuna. Mutesa, mwanawe, aliukumbatia kwa bidii. Kuanzia mwaka 1867 alifunga Ramadhani miaka kama kumi mfululizo, akaamuru raia wake wafunge, akajengesha msikiti ikuluni na kuongoza sala mwenyewe. Kuna jambo moja hata hivyo ambalo hakulifanya: hakutahiriwa. Mila ya Buganda ilikataza mwili wa Kabaka kukatwa na damu yake kumwagika, na Mutesa hakuthubutu kuivunja mila ambayo ufalme wake uliisimamia.

Kwa muda jambo hilo halikuleta shida. Kisha walifika Waislamu wengine kutoka kaskazini, upande wa Sudan na Misri, ambao mafundisho yao yalikuwa makali zaidi. Waliwaambia vijana wa baraza, wale waitwao bagalagala, kwamba si halali kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, wala kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa mfalme wa namna hiyo. Vijana wakaitika. Wakaikataa nyama ya ikulu na kukataa kusali nyuma ya Kabaka. Wakati huohuo Misri ilikuwa ikisogeza majeshi yake kuelekea Maziwa Makuu, na Mutesa alikuwa na sababu ya kujiuliza hao vijana wanamtii nani. Katika miaka ya 1875 na 1876 aliamuru wakamatwe. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, kama 70 walichomwa moto Namugongo, na wengine waliuawa sehemu nyingine za nchi.

Kiini cha kisa hiki kimeshikana na chakula na mamlaka. Kijana aliyelelewa ikuluni, ambaye nguo yake, chakula chake na cheo chake cha kesho vyote vilitoka mkononi mwa Kabaka, alisimama akasema yuko mwingine mkubwa kuliko wewe, na nyama yako siili. Mwalimu akilifikisha hilo vizuri, nusu ya kazi imekwisha, maana kisa cha mwaka 1886 ni hichohicho kikiwa na majina mengine.

Mwanga alirithi kiti Oktoba 1884, akiwa bado kijana. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika mwaka 1877 na Mapadri Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879, na sasa bagalagala wengi walikuwa wanajifunza kusoma kwao. Mnamo 31 Januari 1885 wavulana watatu wa Kianglikana waliuawa Busega. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wanajitwalia ardhi upande wa pwani, na habari hizo zilifika Mengo. Askofu James Hannington alipokuja kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga, njia ambayo Baganda waliihofia kama mlango wa adui, Mwanga aliamuru auawe, na akauawa mwishoni mwa Oktoba. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mkubwa wa vijana wa ikulu, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa Nakivubo, bondeni tu ukishuka kutoka soko la Nakasero, pale ambapo leo watu huenda kutazama mpira. Wanafunzi wa Nakasero hupita hapo kila wiki, na wengi hawajawahi kuambiwa.

Mauaji makubwa yalikuja Mei na Juni 1886. Namugongo, tarehe 3 Juni, Wakatoliki na Waanglikana walifungwa kwenye matete na kuchomwa pamoja. Kati yao alikuwemo Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mukajanga alimsihi aikane dini, au angalau akubali kufichwa, naye akakataa. Mwishowe Mukajanga aliagiza apigwe rungu la shingo kwanza, ili moto umkute amekwisha kufa. Namwona Mukajanga kuwa mtu wa maana sana katika somo hili. Kwa kumtazama yeye mwanafunzi anaona jinsi amri inavyotekelezwa na mtu ambaye mwenyewe inamchoma moyo, na huo ni mjadala ambao mtoto wa dini yoyote anaweza kuuingia bila kujitetea.

Mashahidi walipouawa, mambo hayakuishia hapo, ingawa vitabu vingi vya shule hufunga ukurasa. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakampindua Mwanga, kwa kuwa walipata habari kwamba anapanga kuwamaliza wote. Muungano huo ulidumu wiki chache tu. Oktoba Waislamu waliwageuka Wakristo, wakawafukuza mjini, na Wakristo wakakimbilia Nkore. Kabaka mpya, Kiwewa, alipokataa kutahiriwa aliondolewa, na nduguye Kalema akatawazwa kwa jina la Nuhu. Chini ya Kalema watu walitahiriwa kwa nguvu, na wana wa kifalme, wanaume kwa wanawake, waliuawa ili asibaki wa kushindana naye. Wakristo walirudi na silaha, na kufikia Februari 1890 Mwanga alikuwa amerudishwa kitini na walewale ambao wenzao aliwachoma.

Washindi nao waligawanyika. Baganda waliwaita Wakatoliki Wafalansa na Waprotestanti Wangereza, kwa mataifa ya wamisionari wao, na majina hayo yalikuwa tayari ya vyama vyenye bunduki. Januari 1892 Mkatoliki alimuua Mprotestanti katika ugomvi wa bunduki, na Mwanga akahukumu kwamba muuaji alijitetea. Mwingereza Kapteni Lugard, aliyekuwa na ngome yake kilima cha Kampala ya Kale, hakuiridhia hukumu hiyo. Akawagawia Waprotestanti silaha, na tarehe 24 Januari vita vya Mengo vikapiganwa, bunduki ya maksimu ikiwa upande mmoja. Kanisa la Rubaga lilichomwa. Wakatoliki walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe, wakashambuliwa huko, na wengi wakafa maji wakijaribu kuvuka. Baadaye walipewa Buddu. Waislamu, katika mgawo wa masaza, walibakiziwa moja tu, Butambala. Na wale waliobaki na dini ya mababu, walioziabudu lubaale, hawakupewa kitu. Vyama vyote vitatu viliwaona kuwa watu wa kushindwa, na mahekalu yao yalibomolewa bila siku ya kuwakumbuka.

Ukiutandaza muda wote huo ubaoni, kuanzia 1867 hadi 1892, jambo moja huonekana bila mwalimu kulisema. Kila chama kati ya vile vitatu kinaonekana mara mbili, safari moja kikiteswa na safari nyingine kikitesa au kikifaidika. Na mara zote anayetesa ni yule aliyeshika kiti au bunduki huku akihofia kunyang'anywa.

Hapa pana mtego, na nimeona walimu wenye nia njema wakitumbukia. Wanasema, basi wote walikuwa sawa, kila mtu alimtesa mwenzake, tusameheane, tuendelee na somo. Huo si ukweli. Kizito hakumtesa mtu. Kijana wa Kiislamu aliyekataa nyama mwaka 1875 hakuwa Kalema, wala hakuwahi kumjua Kalema akiwa Kabaka. Anayewaweka waliochomwa na waliochoma kwenye kapu moja kwa sababu wanashiriki dini anarudia kosa lilelile la watesi, la kumhesabia mtu mmoja matendo ya kundi. Kinachofaa ni kuwafundisha watoto kutenga watu na kundi: nani hasa alitoa amri, nani aliitekeleza, nani aliipinga, nani alipata shamba au saza baadaye.

Shule zetu zina kikwazo kingine kilichojengwa ndani ya mfumo wenyewe. Elimu ya dini hufundishwa kwa njia mbili, ya Kikristo na ya Kiislamu. Katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, karatasi ya maarifa ya jamii ina maswali ambayo mtahiniwa huchagua kujibu upande wa Ukristo au upande wa Uislamu. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kikristo anaweza kumaliza darasa la saba akiwajua mashahidi 45 kwa majina bila kusikia neno kuhusu wale 70, na jirani yake wa Kiislamu akawa amesikia habari za hao 70 madrasa, kama jambo ambalo Wakristo wamelificha. Mahali pekee wanapokutana ni somo la historia, ambalo katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 limeunganishwa na elimu ya siasa na ni la lazima. Kwa hiyo mada hii ni ya mwalimu wa historia kabla ya kuwa ya mwalimu wa dini.

Chukua darasa la kidato cha pili, wanafunzi 50, vipindi viwili vilivyofuatana. Mwalimu anaandika matukio manane kwenye karatasi nane, kila moja na mwaka wake, kuanzia Ramadhani ya Mutesa hadi vita vya Mengo, bila kutaja dini ya yeyote. Anaandika tu: vijana wa ikulu wakataa chakula cha mfalme, mfalme aamuru wachomwe, mkubwa wa vijana amkemea mfalme, mfalme akataa kutahiriwa, aondolewa. Makundi ya wanafunzi yanapanga karatasi kwa mfuatano, kisha yanajibu maswali matatu kwa kila tukio: aliyetoa amri alihofia nini, nani alikuwa na nafasi ya kukataa, na nani alipata faida. Baada ya hapo ndipo majina ya watu na dini zao yanaongezwa. Darasa likiwa limekwisha kukubaliana kwamba mfalme wa 1876 na yule wa 1886 walihofia jambo moja, ni vigumu sana kurudi nyuma na kusema mmoja alikuwa na haki kwa sababu waliokufa si wa dini yangu.

Kipindi cha pili ni cha ushahidi, na hapa ndipo penye utajiri. Kwa nini wa 1886 tuna majina, umri, na hata maneno yao ya mwisho, na wa 1876 karibu hatuna? Mtoto wa Kikristo atasema labda hawakuwa wengi. Mtoto wa Kiislamu atasema walifichwa. Jibu lenyewe linafundisha zaidi kuliko yote mawili. Wamisionari waliandika barua na shajara. Vijana watatu waliosamehewa dakika za mwisho Namugongo, akiwemo Denis Kamyuka, waliishi na kutoa ushahidi. Kanisa Katoliki lilikuwa na utaratibu wa kisheria wa kuhoji walioshuhudia kabla ya kuwatangaza waliouawa kuwa Wenyeheri mwaka 1920 na Watakatifu mwaka 1964. Waislamu wa 1876 hawakuwa na mwandishi wa namna hiyo pembeni yao, na baada ya 1890 chama chao kilikuwa kimeshindwa. Tena, Apolo Kagwa, ambaye vitabu vyake vya historia ya Buganda tunavitegemea wote, alikuwa Katikiro Mprotestanti na mmoja wa walioponea chupuchupu mwaka 1886. Upande wa Waislamu yupo Bakale Mukasa bin Mayanja, aliyeandika kwa Kiganda juu ya vita hivyo. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza nani aliandika na aliandika akiwa ameshindwa au ameshinda, ameshapata kinga kubwa dhidi ya mhubiri yeyote wa chuki.

Ziko dalili za kumwambia mwalimu kwamba kipindi kinaharibika. Ya kwanza ni watoto kuanza kusema sisi na ninyi wakizungumzia watu wa karne ya 19. Ya pili ni macho ya darasa kumgeukia mtoto mmoja, mara nyingi Mwislamu, kana kwamba Kalema alikuwa mjomba wake. Waislamu ni kama 14 tu katika kila watu 100 nchini kwa sensa ya 2014, kwa hiyo katika madarasa mengi wako wachache na mtoto huyo anajikuta peke yake. Mwalimu asimruhusu mtu kumtaka ajibu kwa niaba ya dini yake, na wala yeye mwenyewe asimwombe, hata kwa heshima. Ya tatu ni hesabu ya waliokufa kugeuka matokeo ya mechi, 70 kwa 45. Na kuna mchezo mmoja ninaoupinga kabisa, ule wa kuigiza, mtoto mmoja akiwa Mukajanga na mwingine akifungwa matete. Kwenye maadhimisho ya kanisa watu huigiza kwa imani yao, na hilo ni lao. Darasani, mtoto aliyefungwa kamba na mwenzake hujifunza fedheha tu.

Kuna pia sehemu ya kisa ambayo hutumiwa vibaya siku hizi. Masimulizi ya Kikristo husema vijana walimkatalia Mwanga alipowataka kimwili, na katika siasa za miaka ya karibuni jambo hilo limefanywa sababu pekee ya mauaji, na silaha ya kuwapigia watu walio hai leo. Wanahistoria hawalipuuzi, ila wanaliweka pamoja na hofu ya Wazungu, kuuawa kwa Hannington, na utii wa baraza uliokuwa unayeyuka. Kwa wanafunzi wakubwa linaweza kusemwa hivyo, kwa sentensi mbili za staha. Likiachwa peke yake, linafuta kila kitu kingine, pamoja na Waislamu wa 1876 ambao walikufa kwa ajili ya nyama na tohara.

Nakasero penyewe panamlazimisha mwalimu kwenda hatua moja zaidi. Kilima hiki hakikuwa cha dini yoyote. Waanglikana wana Namirembe, Wakatoliki Rubaga, Waislamu Kibuli, na Nakasero ilikuwa ya serikali ya kikoloni kisha ya dola huru. Hapo ndipo palipokuwa makao ya idara ya usalama ya Idi Amin, ambako watu waliingizwa wasitoke. Na hotelini Nile Mansions, upande wa pili wa kilima, ndiko Askofu Mkuu Janani Luwum alikoitwa tarehe 16 Februari 1977 pamoja na viongozi wengine wa dini, silaha zikiwa zimepangwa mbele ya wanajeshi kama ushahidi wa njama. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa. Kesho yake redio ilitangaza amekufa kwa ajali ya gari, pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Leo 16 Februari ni sikukuu ya taifa.

Hiki ndicho kipande kigumu zaidi, kwa sababu babu za wanafunzi wanakikumbuka. Amin alikuwa Mwislamu, na ni rahisi mno kukisimulia kama Waislamu dhidi ya Kanisa. Lakini Luwum alikuwa Mwacholi katika utawala uliowaua askari wa Kiacholi na Kilangi tangu 1971. Maaskofu wake walikuwa wamemwandikia Amin barua kali mapema mwezi huohuo kupinga mauaji na upekuzi wa nyumba ya Luwum. Na Waislamu waliompinga Amin nao waliuawa. Maswali yaleyale matatu ya karatasi nane yanafanya kazi hapa bila kubadilishwa hata moja.

Kisha inafuata Juni 1979, na hii ndiyo mara nyingi haifundishwi kabisa. Amin alikuwa ameanguka Aprili. Huko Ankole, upande wa Bushenyi, umati uliwakamata Waislamu wa vijijini, wanawake na watoto wakiwemo, ukawaua kwa makumi na kutupa miili mtoni Rwizi. Wengi wao walikuwa wakulima ambao hatia yao ilikuwa kushiriki dini na rais aliyekimbia. Mwalimu anayefundisha Luwum na kuiacha Rwizi, kwa mwanafunzi wa Kiislamu, amesema jambo zito kuliko yote aliyoyasema kipindi kizima. Anayefundisha yote mawili katika juma moja hana haja ya kuongeza hotuba. Anachohitaji ni kukubaliana mapema na mkuu wa shule, kuwaarifu wazazi kwa barua fupi inayotaja matukio yote kwa majina, na kupanga vipindi hivyo viwili visitenganishwe na likizo.